Michoro na Maneno

Madina, mwalimu wa miaka sitini na minane, alihofia kwamba akili inamtoka na atalazimika kuacha darasa lake la kisomo. Bintiye akampeleka kwa Hilaire, mwanasaikolojia na mhadhiri wa chuo, apimwe.

Kwenye mafumbo ya michoro alijikokota. Kwenye maana za maneno, alijibu na kuongeza mifano.

"Nimeshindwa, mwanangu?" akamuuliza Hilaire.

"Hapana, mama. Wepesi wa kufumbua mambo mapya huanza kupungua tangu ujana. Kwa umri wako, michoro iko sawa. Maneno na maarifa huendelea kukua miaka mingi. Kwa hayo umewapita wanafunzi wangu wa chuo."

"Na wewe una miaka mingapi?"

"Arobaini."

"Bon, haya basi, kwenye michoro tunashuka pamoja."

Akafunga kitambaa chake vizuri, kichwa juu, akaelekea darasani.