Sifuri Iliyokataa Kuja

Nafasi ilibaki moja tu kwenye timu ya hesabu ya shule, na Pilipili aliitaka kuliko alivyoutaka wali wa Jumapili. Mwalimu aliandika ubaoni namba moja mpaka kumi.

"Futeni mbili zozote, muandike tofauti yake. Rudieni mpaka ibaki namba moja. Nataka ibaki sifuri. Atakayelimaliza swali hili kabla ya kengele ndiye anayekwenda."

Darasa zima likainama kwa heshima ya mazishi. Raba zilisugua, karatasi zikachanika. Pilipili peke yake alikaa akitafuna kalamu na kuangalia dari.

"Wewe, umeshakata roho?" akamchokoza Profesa, kijana aliyepewa jina hilo kwa sababu ya miwani, si alama.

"Ninafikiri. Ni kitu fulani watu hufanya."

Dakika kumi baadaye Profesa aliruka juu. "Sifuri! Mwalimu, sifuri!" Akakimbilia ubaoni na kuanza kunakili hatua zake, mstari baada ya mstari. Wenzake wakapiga madawati.

Pilipili hakuinua macho.

"Umekosea," alisema.

"Hujaangalia hata!"

"Sihitaji. Ukifuta saba na nne, unaandika tatu. Hizo mbili zilichangia kumi na moja kwenye jumla, sasa inachangia tatu tu: jumla imepungua nane. Kila mara inapungua mara mbili ya namba ndogo, yaani kwa shufwa. Jumla ya mwanzo ni hamsini na tano, witiri. Basi itabaki witiri mpaka mwisho. Sifuri ni shufwa. Haiji, hata mabweni yote yakikesha."

Mwalimu akafunika mdomo kwa daftari la mahudhurio.

"Lakini imekuja!" Profesa alilalamika. "Hii hapa!"

"Basi tuijumlishe mistari yako, kaka."

Akaenda ubaoni, akapitisha kidole mstari kwa mstari. "Hamsini na tano. Thelathini na saba. Ishirini na tatu. Kumi na tatu. Saba. Tano." Kidole kikatua kwenye mstari unaofuata: sifuri, moja, moja. "Mbili! Hapo juu moja zilikuwa tano. Umefuta mbili kati ya hizo, ukaandika sifuri. Moja zilitakiwa zibaki tatu. Moja nyingine umeilaza wapi?"

Profesa alivua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa tena. Kisha akacheka mpaka akakaa sakafuni.

"Nimeimeza!"

Alipoinuka aliirudisha moja iliyopotea, akaendelea mbele ya wote, na mwisho ikabaki moja, imesimama wima kama mlinzi.

"Mwalimu, ulijua haiwezekani?" akauliza.

"Tangu jana."

Kengele ikalia. Mwalimu akatoa fulana ya timu kutoka mkobani. Ilikuwa kubwa mno. Pilipili aliivaa juu ya sare, ikamfika magotini, akatembea hadi bwenini taratibu kama askofu, Profesa nyuma yake akimshikia pindo.