Kikombe Kilichojaa Chenyewe

Kitu cha kwanza alichokiona ni kikombe. Mwanamke ndani ya filamu alikuwa amekunywa chai hadi ikabaki nusu. Picha ikamhamia mumewe, na iliporudi kwake kikombe kilikuwa kimejaa pomoni, na hakuna aliyekimiminia. Watazamaji wote kwenye chumba cha filamu cha maktaba walikuwa wanafuta machozi. Yeye peke yake alikuwa anakodolea macho chai.

Walimwita Kimya, kazini na hata nyumbani, na jina lilimkaa kama nguo ya kushonesha. Kazi yake ilikuwa kufuta diski, kuwaazimisha wasomaji na kuteremsha pazia filamu inapoanza. Shule aliiachia darasa la tano, mama alipougua na mdogo wake akahitaji wa kumbeba. Maandishi ya chini ya filamu yalimpita mbio kabla hajayamaliza, kwa hiyo aliyaacha yaende zake, akawa anaangalia vikombe, milango, mikono, na upande ambao mwanga unatokea. Miaka saba ya kuangalia hivyo, gizani, hadi wakati mwingine akitembea barabarani aliona watu kama shoti, vile vipande vya filamu, zinazosubiri kuungwa.

Yule mdogo aliyebebwa sasa alikuwa na miaka kumi na tisa na wazimu wa filamu. Nyumbani walimwita Dairekta, kwa dhihaka kwanza, baadaye kwa mazoea. Jumatatu hiyo aliingia maktaba akiwa amenuna.

"Dada, nimekwisha."

"Nini tena?"

Dairekta akatoa simu. Kulikuwa na mafunzo ya filamu ya mwaka mzima, na nafasi iliyobaki ilikuwa moja. Kila mwombaji alitakiwa kupeleka onyesho la dakika tatu, watu wawili wanaongea mezani, mwisho Jumamosi. Yeye alikuwa amewapiga picha mama na mjomba, kaka yake mama, wakicheza ndugu wanaogombania nyumba. Maneno yalikuwa mazuri. Lakini kila alipoziunga shoti, kitu kiliharibika asijue ni nini.

Kimya alitazama mara moja tu. Mama alikuwa anatazama kushoto. Mjomba naye, kushoto. Walikuwa kama abiria wawili wa basi moja, kila mtu anamsemesha mtu wa kiti cha mbele. Alijua kuna kosa, akajua hata liko wapi. Ila maneno ya kulieleza hakuwa nayo.

"Nitakuchagulia kitu cha kutazama," akasema.

Jumanne alichagua vibaya. Alichukua diski inayoazimwa kuliko zote, ile inayoonyesha jinsi filamu moja kubwa ilivyotengenezwa. Dairekta aliitazama saa nzima: kreni za kuinulia kamera, moto, magari yanapinduka, waigizaji wanasifiana kwamba walikuwa kama familia moja. Alipotoka mabega yalikuwa yameshuka.

"Wana kreni tatu, dada. Sisi hata stuli yetu ina miguu mitatu."

Usiku ule Kimya aliota kreni inaingia jikoni kwao, inainua sufuria, inaondoka nayo. Alipoamka akili ilikuwa imetulia. Diski ile ilikuwa tangazo. Ilitengenezwa ili watu wakanunue tiketi, siyo ili mtu ajifunze. Palepale akaikumbuka nyingine, kasha halina hata picha, iliyokaa miaka kwenye rafu ya chini kwa sababu kila aliyeiazima aliirudisha kesho yake akilalamika kwamba haina kitu.

Jumatano mchana chumba kilikuwa kitupu. Kimya alishusha pazia. Mwanga ulipenya kwenye tundu la pazia, vumbi likaelea ndani yake polepole.

"Kwanza filamu yenyewe," akasema. "Ukianza na siri zake utaona waya tu zinazomning'iniza ndege, hutamwona ndege mwenyewe."

Ilikuwa filamu ndogo: mama na binti, chumba kimoja, meza. Dairekta alilia pale binti anapoondoka. Kisha Kimya akarudisha onyesho la mezani, akazima sauti.

"Sasa usisikilize. Angalia macho yao."

Ndipo akaweka ile diski ya kasha lisilo na picha. Mtu fulani alikuwa ameacha kamera kwenye kona ya chumba walichopigia filamu hiyohiyo, ikawaka mchana kutwa. Hakuna aliyesifiwa. Watu kumi walikuwa wanasubiri wingu lipite. Mmoja alisinzia amekumbatia maikrofoni yake. Kisha kijana mmoja akapiga magoti, akabandika utepe mweupe sakafuni, kutoka kiti cha mama hadi kiti cha binti, ukipita chini ya meza. Kamera ikawekwa upande wa dirisha, wakampiga picha mama. Ikahamishwa, wakampiga picha binti. Lakini utepe haikuuvuka hata mara moja.

Dairekta akasimama. "Rudisha."

Kimya akarudisha.

"Mimi niliuvuka! Mama nilimpiga picha kutoka dirishani, halafu jua likanisumbua, nikazunguka nikampiga mjomba kutoka mlangoni. Ndiyo maana wote wanatazama upande mmoja!" Akamgeukia dada yake. "Wewe ulijua?"

Kimya alikuwa ameisogelea skrini, maana kwenye kona ya picha alikuwa ameingia mwanamke mwenye daftari. Kila kamera iliposimama, mwanamke yule aliisogelea meza, akapiga picha ya kikombe, akapima chai kwa kidole, akaandika. Shoti iliyofuata ilipokaribia kuanza, alipunguza chai hadi ikawa sawa na alichoandika. Hakuna aliyemtazama. Alikuwa hasemi chochote.

Wakaitazama filamu tena tangu mwanzo, na safari hii ilikuwa kama kutembea ndani ya nyumba huku unaona misumari na bado unaipenda nyumba.

Alhamisi walirudia kupiga. Dairekta alibandika utepe chini ya meza ya nyumbani. Mjomba akauruka kwa madaha.

"Huu ni mpaka wa urithi? Upande wangu mbona mdogo?"

"Kaa chini wewe," mama akasema. "Umeanza kuigiza kabla hujaitwa."

"Mimi ni nyota, dada. Nyota hawakai, wanaketi."

Kimya alisimama pembeni na karatasi. Kabla ya kila shoti alipunguza au kuongeza chai ya mjomba, ambaye alikuwa anakunywa hata asipotakiwa. Aliandika kwa herufi kubwa, taratibu: MKONO WA KULIA. NUSU. KIJIKO NJE.

Shoti zilipoungwa, mama akatazama kulia, mjomba akatazama kushoto, na kwa mara ya kwanza ndugu wale wawili wakaonana. Onyesho likapelekwa Ijumaa.

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili. Dairekta aliyasoma amesimama mlangoni mwa maktaba, kisha akapiga kelele hadi wasomaji wakageuka. Nafasi ilikuwa yake. Walitaka jambo moja tu: onyesho lingefungua siku ya kwanza ya mafunzo, kwa hiyo awatumie majina ya wote waliolitengeneza, na kazi ya kila mmoja.

Akaketi mbele ya Kimya na kalamu. "Mama, mwigizaji. Mjomba, nyota, la sivyo hatutalala. Na wewe? Najua utasema nisikuandike."

Kimya alikuwa anafuta diski. Aliifuta kutoka katikati kwenda ukingoni, kama inavyotakiwa, akairudisha ndani ya kasha lake lisilo na picha.

"Niandike," akasema. "Mwangalizi wa kikombe. Kazi hiyo naitaka, mdogo wangu. Nimeitaka miaka saba."