Swali la Boma la Mwisho

Wasifu wa Bi Sindano ulikuwa mzuri, na mwenyewe alilijua hilo. Jina hilo alipewa na watoto wa mtaani, maana kila walipomwona alikuwa na bomba la sindano mkononi na ng'ombe wa mtu akilalamika mbele yake. Alikuwa msaidizi wa mifugo, tena mwenye usajili wa baraza la veterinari. Namba ya usajili aliiweka juu kabisa, chini ya jina, ili mtu yeyote asije akamfananisha na wale wanaotembea na dawa kwenye mfuko wa rambo.

Chini ya namba wakafuata wanyama aliowahudumia: ng'ombe wa maziwa na wa nyama, mbuzi, kondoo, nguruwe, kuku, mbwa. Punda alimwandika, akamfuta, akamrudisha. Kisha kazi alizosaidia chini ya daktari: kuhasi, kukata pembe, kupima mimba, kuzalisha, na upasuaji wa kumtoa ndama aliyekwama. Hapo aliandika "nimesaidia", si "nimefanya". Msaidizi hapasui peke yake, na anayesema amepasua anajichongea mwenyewe.

Kwenye kampeni za chanjo ndipo palipokuwa na pengo. Kideri cha kuku alikuwa nacho, kichaa cha mbwa pia, homa ya mapafu ya ng'ombe pia. Tangazo la kazi lilitaka mtu aliyewahi kuongoza chanjo ya kimeta katika kata nzima, boma kwa boma, bila kuruka. Nafasi yenyewe ilikuwa ya usimamizi wa timu ya chanjo katika mradi mkubwa, na tangazo lilikuwa linafungwa mwisho wa mwezi.

"Sasa si ndiyo hiyo unayoifanya wiki hii?" mama yake aliuliza akiwa jikoni.

"Ndiyo hiyo. Nikimaliza boma la mjomba, naandika."

"Basi nenda kamalize. Na usimhoji kaka yangu kama polisi. Mara ya mwisho ulimwaibisha mbele ya majirani mpaka chakula kikamshinda."

Ni kweli alimwaibisha. Mjomba alikuwa amemsomesha binti huyu tangu baba yake alipofariki, na alimpenda kupita wanawe. Lakini mjomba huyo huyo alikuwa na ugonjwa wa sindano. Pale barazani kwake palikuwa na rafu ya chupa za dawa, na ng'ombe akikohoa mara moja tu, basi huyo mzee keshafika na bomba. Mwaka uliopita mpwa wake alimwambia waziwazi, watu wakisikia, kwamba anachoma dawa kama anayenyunyiza maji. Mzee alicheka na wenzake, kisha sahani yake ikarudi jikoni haijaguswa.

Sasa, chanjo ya kimeta ina masharti yake. Ndani ya chupa mna vijidudu hai, vilivyodhoofishwa ili visiue bali vimfundishe mnyama kujikinga. Ukimchoma mnyama huyo antibayotiki siku za karibuni, dawa inaviua vile vijidudu kabla havijafanya kazi. Kwa nje unaona umechanja. Kwa ndani umechoma maji. Ndiyo maana Bi Sindano alikuwa na swali moja alilouliza kwenye kila boma, hata kabla hajafungua kisanduku cha barafu: "Umewachoma dawa yoyote wiki mbili hizi?" Akijibiwa ndiyo, boma hilo aliliahirisha na kulirudia baadaye. Yalikuwepo kadhaa ya hivyo, na yote aliyarudia bila kunung'unika.

Boma la mjomba lilikuwa la mwisho. La jirani aliyepakana naye kwa ua wa miba alilimaliza asubuhi, na swali akaliuliza kwa sauti ile ile ya kila siku, sauti ya mtu aliyezoea kushindana na kelele za ndama. Kisha akavuka kwa mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mama. Karibu daktari wangu."

"Msaidizi, mjomba."

"Kwangu mimi ni daktari. Ng'ombe wako hao, nimeshawapanga."

Kweli walikuwa wamepangwa kwenye kibanio cha mbao, mmoja nyuma ya mwingine, madume hadi ndama. Mjomba alikuwa amevaa shati la kutokea. Alisimama kando, mikono nyuma, akimtazama mpwa wake usoni kama mwanafunzi anayesubiri kuitwa.

Bi Sindano alifungua mdomo. Akakumbuka chakula kile kilichomshinda mzee. Akakumbuka na mwisho wa mwezi, kwamba akiahirisha hapa, wiki mbili zitapita na tangazo litakuwa limefungwa. Karibu na nguzo ya kibanio palikuwa na kichupa kitupu cha dawa, ndani yake kimeganda kitu cheupe kama maziwa. Alikiona. Alijiambia ni cha zamani, akakipita, akafungua kisanduku cha barafu.

Wacha niseme ninavyoona mimi: angeweza kuuliza kwa utani. Angeweza kumvuta mzee pembeni. Njia za kuuliza zilikuwa tele, na yeye si mtu wa kukosa maneno. Lakini heshima na haraka zikikutana, kila moja humsingizia mwenzake, na siku ile zilikutana pale kwenye kibanio.

Aliwachanja wote, shingoni, chini ya ngozi, mmoja baada ya mwingine. Jioni aliandika: "Nimeongoza chanjo ya kimeta, ng'ombe wa kata nzima, bila kuruka boma." Kwenye sehemu ya ziara za mashamba alitakiwa kumtaja mfugaji mmoja anayeweza kumshuhudia. Aliandika namba ya simu ya mjomba.

Mvua zikaja. Aliitwa kwenye usaili.

Ofisi ya mradi ilikuwa na meza ndefu, feni iliyokuwa ikilia, na daktari wa mifugo mmoja mama mtu mzima, miwani ameishusha puani. Alisoma wasifu mstari kwa mstari. Aliuliza kuhusu upasuaji wa ndama, akaridhika. Alifika kwenye punda, akatabasamu.

"Huyu punda alikupiga teke?"

"Mara mbili, daktari."

"Basi ni kweli umemhudumia." Akageuza karatasi. "Mfugaji wako huyu, nampigia sasa hivi. Hatupendi kuwapa watu muda wa kupangana."

Aliweka simu mezani, sauti wazi. Mjomba akapokea. Nyuma yake kulisikika majembe, watu wakichimba.

"Ndiyo, namfahamu," mjomba alisema. "Ni mtu wa kuaminika. Anafanya kazi kwa moyo."

"Alichanja ng'ombe wako wote?"

"Wote. Hakuacha hata ndama."

"Na tangu chanjo, hali yao ikoje?"

Majembe yakasikika kidogo. "Tunamshukuru Mungu," mjomba akasema.

Bi Sindano alidhani mzee anachimba msingi wa banda jipya, akafurahi moyoni kuwa mambo yake yanakwenda. Daktari alikata simu, akavua miwani, akamwambia kazi ni yake, aanze Jumatatu.

Alipitia dukani, akamnunulia mjomba shuka zito la baridi, akaenda moja kwa moja. Njiani jirani yule wa ua wa miba alimwona, akageuza uso. Hilo halikumsumbua, alikuwa na furaha nyingi mno. Lilianza kumsumbua alipofika kwenye kibanio na kukikuta wazi, na nyuma yake ardhi imefukuliwa na kufukiwa, upana wa nyumba, juu yake chokaa nyeupe imemwagwa. Ndama mmoja na majike wawili walikuwa wamefungwa mbali, kwenye kivuli.

Mjomba alikuwa ameketi barazani. Rafu ya dawa ilikuwa tupu.

"Damu ilitoka puani, haigandi," alisema kabla hajaulizwa. "Sikuchuna hata mmoja. Hakuna aliyekula. Tumefukia chini sana, na chokaa, kama ulivyotufundisha."

"Lini, mjomba?"

"Walianza juzi. Leo tulikuwa tunamalizia."

"Leo uliponisifu kwenye simu?"

"Ulitaka niseme nini? Nikuharibie? Majirani wanasema chanjo yako haina kitu. Wanasema imewaua hata ng'ombe wa mjomba wako mwenyewe. Wa kwao wazima, lakini wanasema hawatachanja tena. Waache waseme. Wewe nenda kazini."

Bi Sindano alikaa kwenye ngazi, shuka likiwa bado kwenye karatasi. Alilia, na hakujificha. Kimeta hakifichwi. Kinatolewa taarifa siku hiyo hiyo, hata kama ni cha nyumbani kwenu, na alishawaambia hivyo wafugaji mpaka mdomo ukamchoka. Akatoa simu, akampigia daktari wa miwani. Alimweleza mizoga, damu, chokaa, mahali.

"Hilo ni boma la mfugaji niliyeongea naye leo?"

"Ndiyo, daktari."

Daktari akaongea taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Nisikilize. Kata nzima mmetumia chanjo ya toleo moja. Kama chanjo ni mbovu, kesho lazima nirudie maboma yote. Kama tatizo ni la boma hilo tu, ni habari nyingine. Uliwauliza kuhusu dawa kabla ya kuchanja?"

"Niliuliza kila boma."

"Na hili?"

Bi Sindano aliitazama nguzo ya kibanio, pale palipokuwa na kichupa.

"Basi muulize sasa. Weka sauti wazi, nisikie."

Aliweka simu kwenye ngazi kati yao. Alijifuta uso, akaugeuza kwa mzee. Lile swali alilolijua kama jina lake likamtoka kwa shida, polepole, neno baada ya neno.

"Mjomba. Umewachoma dawa yoyote... wiki mbili zile, kabla sijaja?"

Mjomba alisimama. Alivua kofia, akaweka mikono nyuma, vile vile alivyosimama siku ile pale kwenye kibanio, ndani ya shati la kutokea.

"Ndiyo, mama," alisema. "Wote. Jioni ya kuamkia siku uliyokuja, walikuwa wanakohoa. Asubuhi nikakusikia kwa jirani unamuuliza. Nikasema leo sidanganyi, leo nitamjibu mtoto wangu ukweli hata akinisema mbele za watu. Nikasimama pale nikingoja uniulize."