Mistari ya Inger

Jumanne hiyo ilikuwa ya mwisho kwa printa, ya mwisho kwa mwalimu Ejnar, na kama Tove hangeangalia, ingekuwa ya mwisho kwa Viggo pia.

Tove Kjærgaard alikuwa karani wa shule ya jioni kwa miaka thelathini na mmoja. Shule ilibaki na jina lile la jioni ingawa wazee waliosoma hapo walishahamishia masomo yao saa nane mchana, kwa sababu ya kusinzia. Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuwachapia karatasi za somo. Alianza na ile mashine ya kuzungusha kwa mkono, iliyotoa maandishi ya zambarau na harufu ya spiriti, na watu wakipewa karatasi walikuwa wanaziweka puani kwanza kabla ya kuzisoma. Harufu hiyo ilimrudia hadi leo kila alipofungua kabati la karatasi, na kila mara ilimchoma moyo kidogo.

Ijumaa printa ingechukuliwa. Kamati ilikata shauri kwamba kuanzia muhula ujao kila mtu atasoma kwenye kishikwambi.

"Wino wa unga uliobaki ni huohuo," alisema Henning, mwenyekiti, akiwa amesimama mlangoni na koti lake, maana Henning hakuwahi kukaa. "Sinunui mwingine wa siku tatu. Chapa slaidi sita kwa ukurasa, tubane wino."

"Sita haina mistari, Henning."

"Mistari ya nini?"

"Ukichapa tatu kwa ukurasa, pembeni ya kila slaidi panakuwa na mistari ya kuandikia. Viggo anaihitaji."

"Viggo ana kifaa cha masikioni, mama."

"Anacho. Kipo kwenye droo yake nyumbani, kinasikia kimya cha soksi."

Henning alicheka, lakini hakubadili neno. Sita, alisema, akaenda zake.

Kila mtu alijua habari ya Viggo Thorup, ila Henning alikuwa mgeni wa miaka minne tu. Viggo alikuwa na masikio mazito tangu ujana wake. Miaka yote hiyo mkewe, Inger, alikaa kulia kwake, na kwenye ile mistari alimwandikia kila alichosema mwalimu. Viggo alisoma kwa jicho moja na kumtazama mwalimu kwa jingine, na hakupitwa na kitu. Inger alifariki mwezi wa Februari. Wiki iliyopita Viggo alipiga simu, akazungumza kwa sauti kubwa kama kawaida ya viziwi, kwamba somo la mwisho atakuja, kwa sababu Ejnar anazungumzia reli, na kituo cha Sønderlund ndiko alikozaliwa yeye, baba yake akiwa mkuu wa kituo. "Nitaangalia picha tu," alisema. "Inatosha."

Haikutosha, na Tove alilijua hilo.

Alifungua slaidi za Ejnar. Zilikuwa ishirini na nne. Ejnar Bisgaard, mpima ardhi mstaafu wa miaka themanini na minne, alikuwa amejifunza kuzitengeneza uzeeni na alizipenda kama mtoto anavyopenda rangi: nyuma buluu ya usiku, maandishi meupe, na ramani ya reli yenye njia mbili, nyekundu kwa vituo vilivyofungwa na kijani kwa vilivyobaki. Kwenye kompyuta zilipendeza. Tove alichapa ukurasa mmoja wa kujaribia, slaidi sita kama alivyoagizwa.

Karatasi ilitoka moto na nzito, nyeusi tii. Ile buluu iligeuka masizi, herufi ndogo nyeupe zilizibwa, na njia mbili za reli zilikuwa za kijivu kimoja. Usingejua kilichofungwa ni kipi na kilichobaki ni kipi. Na taa ya kuonya kwamba wino unakwisha, iliyokuwa imezimika, sasa ilipepesa.

"Basi hapa ndipo wino unapokwenda," alisema Tove peke yake, kwa hasira. Akashika rula, akachapa ukurasa mwingine, wa slaidi tatu, slaidi zilezile za mwanzo, akazipima. Picha zilikuwa karibu sawa kwa ukubwa. Kwenye sita zilipangwa mbilimbili, kwenye tatu zilisimama peke yake na mistari pembeni. Henning alidhani anabana wino, kumbe anabana karatasi, na karatasi zilijaa kabatini, mabunda saba, ambazo Ijumaa zingebaki bila kazi.

Mwizi wa wino alikuwa ile buluu. Tove alitengeneza nakala ya slaidi, asiguse za Ejnar, akafanya nyuma kuwa nyeupe na maandishi kuwa meusi. Maelezo madogo ya chini ya picha aliyakuza. Kwenye ramani aliiacha njia iliyofungwa iwe mstari mnene, na ile iliyobaki akaikata vipandevipande, na maelezo ya alama akayabadilisha hivyohivyo. Palikuwa na kitufe cha kubana wino zaidi, akakijaribu, akaona mistari ya kuandikia imefifia kama ndevu za mtoto. Akakizima. Macho ya watu wa miaka themanini hayabanwi.

Nakala kumi na nane, kurasa nane kila moja. Taa ilipepesa tangu ya kwanza hadi ya mwisho, na ya mwisho ilitoka nzima.

Saa nane Ejnar alishika karatasi yake, akaigeuza. "Tove, umenipaka chokaa," alisema.

"Rangi zako zipo ukutani, Ejnar. Hapa nimekuachia maneno."

Ejnar aliiangalia ramani kwa muda. "Inasomeka kuliko yangu," alisema, na kwa Ejnar hayo yalikuwa maua.

Viggo alikuwa ameshakaa, pale pale pao, na kiti cha kulia kilikuwa kitupu. Mkono wake ulikuwa juu ya mistari. Tove alisimama mlangoni kama alivyosimama miaka thelathini na mmoja, akisubiri mtu mwingine aende. Hakuna aliyekwenda. Akapiga moyo konde, akavuta kiti, akakaa, akatoa penseli.

Aliandika vizuri, kama karani. *Reli ilifunguliwa kwa sherehe. Vituo kumi na kimoja. Sønderlund, cha sita.* Viggo alisoma, akaitikia kwa kichwa kwa heshima. Kisha darasa zima likaangua kicheko, na Viggo akamgeukia Tove, akasubiri.

Tove hakuwa ameandika kitu. Hakudhani kicheko ni somo.

"Inger aliniandikia na hayo," Viggo alisema, kwa sauti iliyosikika hadi mbele. Ejnar akamgeukia. "Nani kacheka, kwa nini. Nani anakoroma. Ndiyo niliyokuwa nayajia."

Hapo Tove alielewa kilichokuwa kwenye mistari ile miaka yote, na macho yake yakajaa, akaandika bila kujali herufi zinavyolala: *Ejnar kasema baba yako alizuia treni ya saa tatu kwa sababu kuku wako alitagia kwenye reli. Birthe kacheka mpaka kahawa imemwagika. Ejnar anakutazama. Anasubiri useme kama ni kweli.*

Viggo alisoma mara mbili.

"Si kuku," aliliambia darasa zima. "Alikuwa bata."