Makopo Sita ya Kituo cha Kusikia

Darasa lilikuwa limepangwa likapangika. Watoto ishirini na watano, wa darasa la kwanza hadi la tatu katika chumba kimoja, makundi matano ya wadogo kwa wakubwa, vituo vitano. Kila kituo dakika nane, na mbili za kuhama. Kuona: lenzi na majani mabichi. Kunusa: vichupa vya pamba yenye limau, kahawa, sabuni. Kuonja: sukari, chumvi, limau, kila mtoto na kijiko chake. Kugusa: mfuko wa kitambaa wenye sponji, msasa na jiwe. Kusikia: makopo sita yenye vifuniko, mawili ya mchele, mawili ya maharage, mawili ya kokoto. Unatikisa, unatafuta pacha.

Hicho cha mwisho ndicho kilichomnyima Mwalimu usingizi. Kwa miaka miwili masikio yake yalikuwa yakifa kidogo kidogo, naye akakaa kimya, akajifunza kusoma midomo. Aliyejua ni kiranja peke yake, binti wa miaka kumi, mpiga kengele. Leo mkaguzi alikuwa amekaa nyuma, na mkuu wa shule alishasema wazi kwamba mkaguzi akiandika taarifa mbaya, darasa anapewa mwingine. Miaka kumi na tisa ya kazi, na Mwalimu hakujua kuishi pengine popote.

Hata hivyo alijipanga. Chini ya kila kopo alibandika kitone cha rangi: pacha na pacha, rangi moja. Asingehitaji kusikia, angechungulia tu.

Asichokijua ni kwamba asubuhi, wakati wa kupanga meza, makopo mawili yalianguka yakamwagika. Watoto wakayajaza haraka haraka wasigombezwe, mchele ukaingia kwenye kopo la kokoto. Mtu mwenye masikio angegundua mara moja.

Katika zamu ya pili mdogo wa la kwanza alimletea makopo mawili.

“Mwalimu, haya ni mapacha?”

Akachungulia chini. Nyekundu, nyekundu. “Hongera sana!”

Mtoto akayatikisa tena, akakunja uso. “Mbona hayafanani?”

“Yanafanana, mwanangu. Sikiliza vizuri.”

Kundi zima likamtazama. Mkaguzi akainuka, akayachukua makopo, akayatikisa. Halafu, taratibu kabisa, akamgeuzia Mwalimu mgongo, akaelekea ubaoni.

Mwalimu aliona mabega yake yakitikisika kidogo, kama ya mtu anayeongea. Atakuwa ameuliza habari za muda. Wakaguzi wote huuliza muda.

“Dakika nane, bwana mkaguzi,” akasema kwa tabasamu.

Hakuna mtoto aliyecheka, na hapo ndipo alipoogopa kweli. Kiranja alikuwa akilia. Akachukua chaki, akaandika kwenye kibao chake, akamwinulia:

*Ameuliza husikii tangu lini.*

Mwalimu akasoma mara mbili. Mkaguzi alikuwa amegeuka sasa, kalamu mkononi, anamwangalia kwa huruma, na huruma ile ilimuumiza kuliko tusi. Muda wa zamu ulikuwa umekwisha. Kiranja alifuta machozi, akainua kengele, akaitikisa. Watoto wote wakasimama na kuhamia kituo kingine, na kwa kuwaona wakisimama, Mwalimu akajua imelia.