Marinda ya Mama Agripina

Rukaiya, fundi cherehani wa Mwankoko, hakuwa amesahau. Mwaka jana Mama Agripina aliongeza magauni ya watoto kazi ikiwa katikati, na yalipochelewa akamwita mwongo mbele ya soko zima. Leo kaja tena kuagiza magauni ya wakubwa ya Jumamosi, na kamati ya harusi nyuma yake.

"Na ya watoto pia," Mama Agripina akaongeza. "Jumamosi hiyohiyo!"

Rukaiya alitamani aseme sawa, mama huyu akaumbuke ukumbini. Lakini jina ambalo lingeharibika ni lake yeye fundi.

"Mama yangu, Jumamosi nawahi ya wakubwa tu. Ukitaka na ya watoto, tuondoe marinda yote, ndiyo yanayokula muda. Chagua."

"Unanipangia?"

"Nakuuliza mbele ya hawa, asije akazaliwa mwongo mwingine."

Kamati ikaangua kicheko.

"Haya, toa marinda."

"Rudia, mama, wasikie."

Akarudia, taratibu. Rukaiya akachukua futi na kumpima kwa adabu zote, moyoni akishangilia.