Chambo cha Bure cha Verlyn

Mtu akikuita mwizi asubuhi, hata kahawa haipiti kooni. Verlyn aliniita hivyo mbele ya tangi la samaki wa chambo, bila hata kuvua glavu.

"Marlys, kuna mtu anafuta mauzo kwenye mashine, na pesa hazionekani. Mimi sifuti, Ardis hafuti. Hesabu mwenyewe nani amebaki."

Nilikuwa nimewauzia chambo wavuvi wa ziwa la jirani, katika duka lile, miaka kumi na tisa. Nikamtazama Ardis, mkewe, ambaye duka limeandikwa kwa jina lake. Sote watatu tulitumia namba moja ya siri kwenye mashine ya mauzo, kwa hiyo ripoti ilionyesha yaliyofutwa tu, si aliyefuta.

"Kuanzia leo kila mtu ana namba yake," Ardis akasema.

"Na huyu mfungie!" Verlyn akadakia. "Auze tu. Bei asiguse, mauzo asifute. Nawapa wiki mbili. Yakikoma kufutwa, Marlys, uchukue koti lako uende zako."

Nilifungiwa. Siku ya tatu nikakosea, nikaingiza kwenye mashine vikombe kumi na tatu vya samaki badala ya vitatu. Mashine ikaniambia: *Huna ruhusa. Mwite meneja.* Verlyn akaja kutoka kwenye ziwa lililoganda akinung'unika, akabonyeza namba yake, akarekebisha.

"Unaona inavyofanya kazi?" akaniambia, kifua mbele.

Wiki mbili zilipoisha, Ardis alitandaza ripoti juu ya kaunta.

"Marlys, sifuri. Mimi, sifuri. Verlyn, mauzo thelathini na moja."

Verlyn akawa mwekundu hadi masikioni.

"Hao ni kina Gordy, mama! Marafiki zangu! Nikiwapa bure waziwazi, foleni nzima itataka bure. Kwa hiyo naingiza kwenye mashine kana kwamba wamelipa, natoa risiti, wakishaondoka nafuta."

"Na ulijua ninafuatilia?"

"Nilidhani mashine haimwandiki bosi."

"Mashine haina haya, mume wangu. Inamwandika kila mtu."

"Na mimi je?" nikamwuliza Verlyn. "Miaka kumi na tisa, ukanitupia mimi?"

Alitazama samaki. Ardis hakutazama mtu, alikuwa tayari anabonyeza mipangilio ya mashine.

Jumamosi Gordy akaja. Verlyn akaingiza vikombe vitatu kwenye mashine mbele ya foleni, akatangaza kwa sauti, "Dola kumi na mbili, Gordy!" Gordy akamkonyeza, akatia risiti mfukoni, akaenda zake. Foleni ilipokwisha, Verlyn akabonyeza kufuta.

*Huna ruhusa. Mwite meneja.*

Alibonyeza tena, ikakataa. Kisha nikamsikia akiniita, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia.

"Marlys? Dada Marlys?"

Meneja sasa nilikuwa mimi, niko chumba cha nyuma, na kahawa ilikuwa inapita vizuri kabisa. Nikamwambia akamkimbilie Gordy amdai pesa, bado hajafika mbali.